Kufungua mkutano mkuu wa mwaka: namna ya kutangaza kworomu, ajenda na kanuni za kura kwa maneno yanayoeleweka

Ugomvi wa mkutano mkuu huonekana mchana, wakati watu wamechoka na kura imewaudhi baadhi yao. Mtu anasimama na kusema: "Mama Prezidenti, kura hii haina nguvu. Asubuhi hatukutimia." Kama asubuhi ulisalimia, mkaomba, kisha ukasema "naona tumetosha, tuanze", huna la kumjibu. Hakuna namba iliyotajwa, kwa hiyo kila mmoja ana namba yake kichwani.

Mwaka wangu wa kwanza kama prezidenti nilifanya hivyo hivyo. Nilitazama ukumbi, nikaona viti vimejaa, nikatangaza kwamba kworomu, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uweze kuamua, imetimia. Kumbe viti kumi na kitu vilikuwa vimekaliwa na watoto, wageni na majirani waliowasindikiza wanachama. Tulilazimika kuita mkutano wa pili, na kukodi ukumbi na viti kwa mara ya pili. Tangu hapo nafungua mkutano nikiwa na karatasi yenye namba nne, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuzipata namba hizo na kuzisema kwa sauti.

Mfano nitakaoufuata ni wa koperative ya wakulima na wauzaji wa mboga pembezoni mwa Lubumbashi. Nimeupanga mwenyewe ili hesabu ionekane vizuri, lakini kila tatizo lililomo nimelikuta ukumbini.

Anza na statuti, wiki moja kabla

Koperative za Kongo zinaongozwa na sheria juu ya koperative ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazofuata sheria moja za biashara, iliyopitishwa Lome tarehe 15 Desemba 2010. Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Kwa anayefungua mkutano, mambo mawili ya sheria hiyo yanatosha kuyashika. La kwanza, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hisa ishirini. La pili, mkutano mkuu wa kawaida unafanyika ndani ya miezi sita baada ya kufunga hesabu za mwaka, yaani kama hesabu zenu zinafungwa tarehe 31 Desemba, mwisho wenu ni tarehe 30 Juni. Ninyi wa chama kisicho cha faida mko chini ya sheria nyingine, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na huko mambo mengi ya kura na kworomu mtayakuta katika statuti zenu wenyewe.

Chukua statuti na utafute majibu ya maswali haya: nani anahesabiwa kuwa mwanachama, wanahitajika wangapi ili mkutano uweze kuamua, mtu mmoja anaruhusiwa kubeba prokurasio ngapi, yaani karatasi za kupiga kura kwa niaba ya wenzake wasiokuja, nani amezuiwa kupiga kura, na maamuzi yanapita kwa wingi wa namna gani. Andika namba ya kila kifungu pembeni. Statuti zetu karibu zote zimeandikwa kwa Kifaransa, na wanachama wengi wanazungumza Kiswahili, hivyo kazi yako ya wiki hiyo ni kukipata kila kifungu katika sentensi moja ya Kiswahili ambayo hata mama anayeuza lengalenga, ambaye hakusoma, ataweza kuirudia nyumbani. Siku ya mkutano utasoma kifungu kwanza kama kilivyoandikwa, kisha utasema sentensi yako. Ukisema sentensi yako tu, mjuzi mmoja wa Kifaransa ataweza kudai kwamba umebadilisha maana.

Namba ya kwanza: wanachama wote ni wangapi

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika, na mara nyingine linafanyika kwa kusudi.

Rejista ya koperative yetu ina majina 94. Wawili wamefariki. Watatu walijitoa kwa barua, na barua hizo zilipokelewa na kuandikwa katika muhtasari wa komite. Wanabaki 89. Kuna wengine 11 ambao hawajalipa kotizasio kwa zaidi ya miezi sita, na kila mwaka mtu wa komite hupendekeza kwa moyo mweupe: "Hawa tuwatoe, wamejifukuza wenyewe." Ukiwatoa, wanachama wanakuwa 78 na kworomu inakuwa rahisi kupatikana. Lakini statuti za mfano wetu zinasema asiyelipa anasimamishwa haki ya kupiga kura, na kwamba anaacha kuwa mwanachama pale tu atakapofukuzwa kwa utaratibu. Kwa hiyo bado ni mwanachama na bado anahesabiwa katika 89.

Kama statuti zenu zinasema kworomu inapimwa kwa "wanachama walio sawa na kotizasio", basi hesabu yenu itakuwa nyingine na mtaanzia 78. Maneno ya kifungu ndiyo yanayoamua. Funga namba hii pamoja na sekretere siku tatu kabla, muitie sahihi wote wawili, na msiiguse tena asubuhi ya mkutano. Namba inayobadilika wakati watu wameshaanza kuingia inanuka hila hata kama ni sahihi.

Namba ya pili: wanaohitajika

Statuti za mfano wetu zinasema mkutano unaamua kihalali wakiwepo, au wakiwakilishwa, zaidi ya nusu ya wanachama. Watu wamezoea kusema "nusu na mmoja", na maneno hayo yanaleta kelele kila idadi isipogawanyika sawa. Nusu ya 89 ni 44 na nusu. Mmoja anasema ongeza mmoja, inakuwa 45 na nusu, kwa hiyo tunahitaji 46. Mwingine anasema 45. Aliyesema 45 ndiye mwenye haki, kwa sababu kifungu kinataka zaidi ya nusu, na 45 ni namba ya kwanza inayozidi nusu. Wangekuwa 90, nusu ingekuwa 45, na namba ya kwanza inayoizidi ingekuwa 46.

Usiseme "nusu na mmoja" ukumbini. Sema "namba ya kwanza inayopita nusu", halafu itaje.

Namba ya tatu: waliopo, na kazi ya mlangoni

Weka meza mlangoni na watu wawili: sekretere, na mwanachama mmoja anayeaminika ambaye hayumo katika komite wala hatagombea. Orodha ya majina ikae juu ya meza hiyo. Mwanachama anasaini akiingia, na haletewi orodha kitini. Orodha inayozunguka ukumbini hurudi na sahihi za watu waliosainiwa na jirani zao.

Kuna jambo la pesa ya usafiri ambalo lazima niliseme wazi. Mkiiweka sahihi ya kuhudhuria na sahihi ya kupokea falanga za transport kwenye karatasi moja, mtapata watu wanaosaini, wanapokea, wanarudi sokoni. Orodha inasema 50, viti vinasema 30. Tenganisha karatasi hizo mbili, na pesa itolewe mwishoni.

Wageni wakae upande wao. Mjumbe wa komini, shefu wa kartye, pasta aliyewakopesha ukumbi, wote wanapewa heshima na viti vizuri mbele, lakini hawasaini orodha ya wanachama na hawapewi kadi ya kura. Hili mlifanye kwa adabu mlangoni, ili prezidenti asilazimike kumwambia mzee ashushe mkono mbele ya watu.

Prokurasio nazo zinapokelewa hapo mlangoni, kabla ya kufungua. Iwe imeandikwa, ina jina la anayetuma na la anayetumwa, inataja mkutano wa tarehe hiyo, na ina sahihi au alama ya kidole. Katika mfano wetu zimeletwa sita. Moja imebebwa na kijana aliyetumwa na baba yake, na kijana huyo si mwanachama, wakati statuti zinataka anayetumwa awe mwanachama. Hiyo haipokelewi. Mama mmoja ameleta mbili, na statuti zinaruhusu moja kwa kila mtu, kwa hiyo achague moja. Zinabaki nne.

Saa tatu kamili, saa iliyoandikwa katika barua ya mwito, waliosaini ni 37. Ongeza prokurasio nne, unapata 41. Zinahitajika 45. Hapo prezidenti hafungui. Anasimama na kusema:

"Bamama na bapapa, jambo yenu. Saa ya barua imefika. Mpaka sasa tumehesabiwa 41, pamoja na wale waliotuma wenzao. Tunahitaji 45. Barua yetu ilisema tutasubiri saa moja. Tunasubiri mpaka saa nne, halafu nitawaambia tena tumefika wapi."

Kusema hivi kunaleta faida ambayo wengi hawaitegemei: watu wanachukua simu na kuwaita wenzao. Prezidenti akikaa kimya, kila mtu anafikiri tunamngoja mheshimiwa fulani. Wakiambiwa wamepungua wanne, wanne wanatafutwa. Saa tatu na dakika arobaini wameingia watano. Waliopo ni 42, na prokurasio nne, jumla 46. Kworomu imepatikana.

Namba ya nne: kura ziko ngapi

Namba hii si sawa na ile ya tatu, na usipoeleza tofauti yake mtu atadhani mmeficha watu. Kati ya 42 waliopo, watatu wamo katika wale wenye deni la kotizasio la zaidi ya miezi sita. Wanahesabiwa kwenye kworomu kwa sababu ni wanachama na wapo, wanaweza kusikiliza na kusema, lakini hawapigi kura. Kwa hiyo wapiga kura ni 39, na kwa prokurasio nne kura zinakuwa 43. Waliotuma prokurasio nao wawe wameangaliwa kama hawana deni; mtu hawezi kumtuma mwenzake na haki ambayo yeye mwenyewe hana.

Mama wa hazina akae karibu na meza ya mlangoni na daftari lake la malipo. Mwenye deni akitaka kulipa papo hapo kabla ya mkutano kufunguliwa, na statuti hazikatazi, alipe, apewe risiti na kadi. Baada ya kufungua, mlango huo ufungwe. Kupokea deni katikati ya mkutano, dakika tano kabla ya kura, ni njia ya kununua kura.

Kata kadi za karatasi ngumu. Mwanachama apewe kadi ya kijani kwa ajili ya kura yake, na kadi ya njano kwa kura ya prokurasio. Mwenye mbili anainua mbili. Mikono mitupu haihesabiki vizuri, maana mwenye prokurasio anainua mkono mmoja na wahesabu wanabishana kama ni mmoja au wawili.

Sasa simama ufungue

Sala, wimbo, dakika ya kuwakumbuka waliofariki na kuwatambulisha wageni, vyote viende kwa haraka kidogo na kwa heshima yake. Mgeni wa serikali akitaka kusema neno, aseme mapema, kabla ya kutangaza kworomu, ili maneno yake yasichanganyike na maamuzi ya wanachama. Halafu shika karatasi yako na useme, polepole, ukisimama kidogo baada ya kila namba:

"Sisi wote katika koperative hii ni 89. Hiyo ndiyo namba ya rejista, tukishawaondoa wenzetu wawili waliotutoka na watatu waliojitoa kwa barua. Statuti zinasema, ili mkutano huu uweze kuamua, lazima tuwe zaidi ya nusu. Zaidi ya nusu ya 89 ni 45. Waliosaini mlangoni ni 42. Wanne wametuma wenzao kwa prokurasio. Jumla 46. Tumepita 45. Kworomu iko. Ni saa tatu na dakika arobaini na tano, na ninatangaza kwamba mkutano mkuu umefunguliwa na unaweza kuamua."

Kisha uliza: "Kuna mtu anayepinga hesabu hii?" Uliza na ungoje. Usiulize ukiwa unafunua ukurasa unaofuata. Swali hili ndilo litakalokulinda saa nane mchana, kwa sababu aliyekuwa na shaka alipewa nafasi ya kuisema na sekretere ameandika kwamba hakuna aliyepinga.

Siku ya mfano wetu mzee mmoja anainua kadi:

"Mama Prezidenti, wale ambao hawajalipa tangu mwaka jana, kwa nini tunawahesabu?"

"Asante, Papa. Tunawahesabu kwa sababu statuti zinasema mtu anatoka katika koperative akifukuzwa kwa utaratibu au akijitoa. Hawa hatujawafukuza. Wako ndani. Kile walichopoteza ni kura. Ndiyo sababu leo tuko 46 kwenye kworomu, lakini kura zilizo ukumbini ni 43."

Angalia kwamba jibu limeleta namba ya nne bila hotuba mpya. Kama hakuna aliyeuliza, itaje mwenyewe.

Ikiwa saa nne imefika na hamjatimia

Simama, taja namba, na uufunge. Sekretere aandike muhtasari mfupi wa mkutano usiotimia: saa, waliokuwepo, waliohitajika, na orodha ya sahihi kama ilivyo. Kisha barua ya pili itoke kwa siku zilizowekwa na statuti, ikiwa na ajenda ile ile, na iseme wazi kwamba huu ni mwito wa pili. Statuti nyingi zinapunguza kworomu kwa mwito wa pili. Zikisema robo ya wanachama, robo ya 89 ni 22 na kidogo, kwa hiyo mnahitaji 23. Mkibadilisha ajenda, hata kwa kuongeza jambo moja, jambo hilo linaanza upya kama mwito wa kwanza.

Waliofika wanaweza kubaki na kusikiliza ripoti, na ni vizuri wasirudi mikono mitupu baada ya kutembea kutoka Katuba au Ruashi. Lakini msikubali ile sauti tamu inayosema "tupitishe tu, wengine watasaini kesho". Sahihi ya kesho haimweki mtu ukumbini leo, na mtu mmoja mwenye hasira anatosha kuliangusha jambo zima mbele ya hakimu.

Ajenda: tenga ya kusikiliza na ya kuamua

Watu wakisomewa ajenda ya mambo saba mfululizo, wanasikia orodha na hawajui watatakiwa kufanya nini. Waambie kwa kila jambo kama kazi yao ni masikio au ni kadi:

"Ajenda ni ile mliyopata katika barua. Ina mambo sita. Mawili tutasikiliza: ripoti ya kazi ya komite, na ripoti ya komisere wa hesabu. Tukishasikiliza, mtauliza. Matatu tutaamua kwa kura: kukubali au kukataa hesabu za mwaka, kubadilisha kifungu cha 12 cha statuti, na kumchagua komisere mpya wa hesabu. La sita ni mengineyo. Huko tutaongea, lakini hatutapiga kura."

Hilo la mwisho litie nguvu. "Mengineyo" ndiko mambo makubwa yanakoingizwa wakati nusu ya ukumbi imeshavaa viatu: kuuza moto-pompi ya zamani, kumfukuza mtu, kupandisha kotizasio. Wanachama waliobaki nyumbani walisoma barua, wakaona hakuna jambo linalowagusa, wakaenda shambani. Kuamua jambo ambalo halikuandikwa ni kuwanyang'anya sauti. Jambo zito likijitokeza, liandikwe, liende katika barua ya mkutano ujao.

Mpangilio nao una maana. Ripoti ya komisere wa hesabu itangulie kura ya hesabu, maana watu hawawezi kukubali tarakimu kabla ya kumsikia aliyezikagua. Kubadilisha statuti kuwekwe kabla ya chakula. Baada ya bukari watu hupungua. Katika mfano wetu, wakiondoka watano, na mmoja wao ana prokurasio, kworomu inashuka kutoka 46 hadi 40, kwa sababu prokurasio inatoka pamoja na aliyeibeba. Kuna statuti zinazopima kworomu mara moja tu, wakati wa kufungua, na nyingine zinaipima kabla ya kila uamuzi. Zikiwa kimya, mimi nahesabu upya kabla ya jambo zito, na anayetoka namwomba arudishe kadi mlangoni ili tujue.

Kanuni za kura, kabla ya kura yoyote

Ziseme wakati hakuna aliyekasirika. Kanuni ikielezwa baada ya matokeo kusomwa, hata ikiwa ya kweli, upande ulioshindwa utaona imetungwa kwa ajili yao.

Anza na rahisi: kura moja kwa kila mtu. Katika koperative kuna wenye hisa nyingi ambao wanaamini pesa yao inaongea, na ni vema waambiwe mbele ya wote, bila kumtazama yeyote: "Mwenye hisa moja ana kadi moja. Mwenye hisa ishirini ana kadi moja."

Kisha ingia katika kilicho kigumu, yaani "wingi" ni wingi wa nini. Chukua kura ya hesabu za mwaka. Kadi ni 43. Wanaokubali 21, wanaokataa 17, wasioegemea upande watano. Je, hesabu zimepita? Kama statuti zinataka zaidi ya nusu ya kura zilizotolewa, wale watano hawahesabiwi. Kura zilizotolewa ni 38, nusu yake 19, namba ya kwanza inayopita nusu ni 20. Hesabu zimepita kwa 21. Lakini kama statuti zinataka zaidi ya nusu ya wapiga kura waliopo, tunahesabu kutoka 43, na wanahitajika 22. Kwa 21 zimeanguka. Ukumbi ni ule ule, mikono ni ile ile, matokeo mawili tofauti. Neno la Kifaransa "majorite" peke yake halikuambii ni lipi. Soma kifungu mpaka mwisho.

Statuti za mfano wetu zinahesabu kura zilizotolewa. Basi prezidenti anasema:

"Nitauliza mara tatu. Nani anakubali, nani anakataa, nani hana upande. Yule asiye na upande, ajue kwamba kadi yake tunaiweka pembeni, haimsaidii wa kukubali wala wa kukataa. Tunatazama hao wawili tu. Aliye na nyingi, zaidi ya nusu ya hizo, ameshinda. Zikilingana, jambo halikupita."

Sentensi ya mwisho inaondoa swali la kura ya prezidenti. Wengi wanadhani prezidenti ana kura ya pili ya kuvunja usawa. Anayo tu kama statuti zimempa. Kama hazikumpa, usijipe.

Kwa kubadilisha statuti, mfano wetu unataka theluthi mbili za kura zilizotolewa. Theluthi mbili ni maneno ambayo watu huitikia kwa kichwa bila kuyaona. Onyesha kwa vidole: "Kati ya kila watu watatu, wawili wakubali." Kisha taja namba: wote 43 wakipiga kura, zinahitajika 29. Watano wasipoegemea upande, zinabaki 38, na zinahitajika 26.

Uchaguzi wa mtu uwe kwa kura ya siri, karatasi na sanduku. Wachaguliwe wahesabu kura wawili wasiogombea, na ikiwa wewe mwenyewe uko katika jambo linaloamuliwa, mpe mwingine kiti mpaka liishe. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu anayemchagua yeye, kando ya meza, na hilo litangazwe sasa ili lisionekane baadaye kama upendeleo.

Kura ya kwanza iwe ya ajenda

Hii ni hatua ndogo ambayo wengi huiruka kwa makofi. Usiiruke. Wapigishe kura kamili ya kukubali ajenda, kwa kadi, kwa maswali matatu, wahesabu wakipita safu kwa safu na kutaja jumla kwa sauti. Ni jambo lisilomkasirisha mtu, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuona kama mfumo unafanya kazi. Jumla ya kukubali, kukataa na kutoegemea lazima ifike 43. Ikifika 45, kuna kadi mbili zisizo na mwenyewe, na umeligundua kabla ya kura ya hesabu. Simamisha, linganisha kadi na orodha, kisha rudia. Ikifika 41, huenda wawili wako nje kwenye simu, waitwe.

Siku ya mfano wetu inatoka 41 wakikubali, mmoja akikataa, mmoja bila upande. Sekretere anaandika, anamsomea prezidenti, na prezidenti anausomea ukumbi mistari hii kabla ya kumwita wa kwanza kutoa ripoti:

"Wanachama katika rejista: 89. Wanaohitajika: 45. Waliopo: 42. Waliowakilishwa: 4. Jumla: 46. Hakuna aliyepinga hesabu. Kura zilizo ukumbini: 43. Mkutano umefunguliwa saa tatu na dakika arobaini na tano asubuhi. Kanuni za kura zimesomwa kwa Kifaransa na kuelezwa kwa Kiswahili. Ajenda imekubaliwa: 41 wanakubali, 1 anakataa, 1 hana upande."